Mtaro wa zege kando ya barabara: 0.30, 0.345 au 0.39 kwa mita? Kona inahesabiwa upande gani?

KijanaWaSaiti
Wakuu, habari za mchana. Tuna ubishi wa hesabu hapa tangu jana na haujaisha.

Ni mtaro wazi wa zege, umbo la U, upande mmoja wa barabara ya mtaa hapa Dar. Urefu mita 120. Kwa ndani upana ni 600 mm na kina 700 mm. Kuta unene 150 mm, kitako nacho 150 mm. Nataka kujua zege kwa mita moja.

Mimi nimefanya hivi: kitako 0.60 × 0.15 = 0.09. Kuta mbili 2 × 0.15 × 0.70 = 0.21. Jumla m³ 0.30 kwa mita. Mkandarasi kaleta mchanganuo wenye 0.39. Kwa mita 120 tunatofautiana m³ 10.8, na hiyo si zege ya kufumbia macho. Nani kakosea?

Mama Vipimo
Mmekosea wote wawili, mdogo wangu, na mmekosea mahali pamoja: kwenye kona.

Chora U yako kwenye karatasi. Kule chini, ukuta unapokutana na kitako, kuna kipande cha mraba cha 150 kwa 150 kila upande. Kipande hicho ni cha nani, cha ukuta au cha kitako? Wewe hukukipa mtu. Kitako chako kimeishia kwenye uso wa ndani wa ukuta na ukuta wako umeishia juu ya kitako, kwa hiyo kona imebaki tupu. Mkandarasi amekipa wote wawili: kitako 0.90 × 0.15 = 0.135, halafu ukuta akaupima kuanzia chini kabisa, 2 × 0.15 × 0.85 = 0.255. Ndiyo 0.39 yake.

Kona mbili ni 2 × 0.15 × 0.15 = 0.045 kwa mita. Ongeza kwenye 0.30 yako unapata 0.345. Toa kwenye 0.39 yake unapata 0.345. Hapo ndipo mnapokutana.

Kwenye kazi mpe kitako kona, kwa sababu ndivyo zege inavyomwagwa: kwanza kitako upana mzima wa nje, 0.90 × 0.15 = 0.135, kisha kuta zinasimama juu yake, 2 × 0.15 × 0.70 = 0.21. Hesabu ikifuata mpangilio wa kumwaga, huwezi kusahau kipande wala kukihesabu mara mbili.

Kifuniko Salama
Kwa mtaro wa 600 mimi natumia mfuniko wa zege wa unene 100, nondo za 12 kila 150 upande mfupi, na tundu la kushikia. Ukiweka 75 gari dogo likipanda linapasua. Usisahau kupiga rangi ya njano kwenye ukingo.

KijanaWaSaiti
Asante mkuu, lakini mtaro huu ni wazi. Mifuniko ipo mbele ya mageti tu na imehesabiwa pembeni.

Mama Vipimo, shikamoo. Nimechora, nimeiona kona. Aibu kidogo.

Mzee Kamba
Kuna njia fupi kuliko hiyo na haina kona. Tembea katikati ya unene. Urefu wa mstari wa katikati: ukuta 0.70 + 0.075 = 0.775, mara mbili 1.55. Kitako 0.60 + 0.15 = 0.75. Jumla 2.30. Zidisha kwa unene 0.15, unapata 0.345. Mtaro wowote wa U unaupata hivyo kwa mstari mmoja.

Mama Vipimo
Mzee Kamba, jibu lako ni sahihi, ila hiyo "wowote" ndiyo siikubali. Hapa imekubali kwa sababu ukuta na kitako vina unene mmoja. Injinia akisema kitako kiwe 200 na ukuta ubaki 150, utazidisha mstari wako kwa unene upi? Hapo lazima urudi kutenganisha: kitako 0.90 × 0.20 = 0.18, kuta 0.21, jumla 0.39.

Na tazama mtego wenyewe: hiyo 0.39 ni namba ileile ya mkandarasi. Kijana, kabla ya kumwambia amehesabu kona mara mbili, tazama kwenye ramani yake kama hakuandika kitako 200. Namba moja inaweza kuzaliwa na makosa au na mtaro mwingine kabisa.

KijanaWaSaiti
Nimetazama. Ni 150. Alihesabu kona mara mbili.

Pimamaji
Kabla hamjashikana mikono kwenye 0.345, mimi nauliza hiyo 700 imetoka wapi. Mtaro wa mita 120 wenye kina kimoja mwanzo hadi mwisho maana yake kitako kinateremka sawasawa na barabara. Barabara yenyewe inateremka kiasi gani? Umepima levo?

KijanaWaSaiti
Levo zilipimwa. Kutoka mwanzo hadi mwisho barabara inashuka sentimita 36. Kwenye ramani mteremko wa kitako umeandikwa asilimia 0.5. Kina mwanzoni 600. Hiyo 700 niliichukua kwenye mchoro wa mkato, ipo mmoja tu.

Pimamaji
Nilijua. Mchoro wa mkato ni picha ya sehemu moja ya mtaro, na wewe umeigeuza kuwa mtaro mzima.

Sasa fuata. Kitako kinashuka 0.5 kwa kila mita 100, kwa hiyo kwenye mita 120 kinashuka 0.60 m. Barabara inashuka 0.36 m tu. Juu ya ukuta unafuata barabara, chini unafuata kitako, tofauti yao ni 0.24 m. Ukianza na kina 0.60, unamaliza na 0.84. Kwa kuwa kinaongezeka kwa mstari ulionyooka, wastani ni katikati: 0.72.

Kitako hakibadiliki, 0.135. Kuta 2 × 0.15 × 0.72 = 0.216. Wastani m³ 0.351 kwa mita, mara 120 ni m³ 42.12. Ukilinganisha na 0.345 utasema tofauti ni ndogo, m³ 0.72 tu. Kweli kwa jumla ni ndogo, lakini mita ya mwanzo inakula 0.315 na mita ya mwisho 0.387. Siku ya kumwaga kipande cha mwisho ukiagiza saruji kwa wastani, inakwisha ukuta haujafika juu, na unabaki na mshono wa mlalo mahali ambapo hukuupanga.

Jambo la pili ni la fundi. Mbao za fomu, zile zinazoishikilia zege, zikikatwa zote za 700, mwanzoni zinachomoza juu na mwishoni hazitoshi. Panga vigingi kila mita 10 na uandike kwa kila kigingi kina chake. Kutoka kigingi kimoja hadi kingine kina kinaongezeka mm 20. Fundi akiisoma hiyo 20, hahitaji asilimia.

Bwana Unafuu
Jamani mbona mnajitesa. Mtaro wazi haubebi gari, unabeba maji. Weka ukuta 100 badala ya 150. Kitako kinakuwa 0.80 × 0.15 = 0.12, kuta 2 × 0.10 × 0.72 = 0.144, jumla 0.264 kwa mita. Kwa mita 120 umeokoa zaidi ya m³ 10. Hiyo pesa weka kwenye nondo.

Nondo Kumi
Hesabu yako ya m³ iko sawa, Bwana Unafuu. Ulichoacha ni kwamba ukuta wa mtaro haubebi maji. Unabeba udongo wa nyuma yake na gari lililoegesha ukingoni. Mtaro ukiwa mkavu ndipo ukuta unateseka, kwa sababu ndani hakuna kinachousukuma kurudi.

Chukua ule mwisho wenye kina 0.84. Udongo wa kawaida uzito kN 18 kwa m³, sukumo lake la pembeni theluthi moja ya uzito, na uweke mzigo wa kN 10 kwa m² juu kwa ajili ya gari. Kwenye mzizi wa ukuta unapata kani ya kupinda ya karibu kNm 1.75 kwa kila mita. Humo sehemu ya udongo peke yake ni kama 0.59, iliyobaki 1.16 ni ya gari. Kwa hiyo anayesema mtaro haubebi gari, theluthi mbili ya mzigo wake ni gari.

Sasa unene. Uwezo wa zege kuhimili kupinda unakwenda na mraba wa unene. 150 ukilinganisha na 100 si mara moja na nusu, ni mara 2.25. Kwa mzigo uleule, mkazo kwenye ukuta wa 150 ni kama MPa 0.47 na kwenye wa 100 ni 1.05. Zege tupu isiyo na nondo sitaiachia MPa 1 ya mvuto kwenye mzizi, mahali penyewe penye mshono wa kumwagia.

Utasema utaweka nondo. Sawa, itakaa wapi? Upande wa udongo unataka 50 ya kufunika nondo. Weka nondo ya 10 iliyosimama, ilalie nyingine ya 8, umefika 68. Kwenye ukuta wa 100 imebaki nafasi ya 32 na vaibreta ya 40 ya kushindilia zege haipiti. Fundi ataichomoa na kugonga mbao kwa nyundo, ukifungua fomu unakuta kokoto zimejipanga kama karanga kwenye kashata. Kwenye 150 inabaki 82, vaibreta inashuka vizuri.

Bwana Unafuu
Sawa, la vaibreta nakubali. Ila mitaro ya 100 ipo mingi mjini na imesimama.

Nondo Kumi
Ipo, na mingi ni ya kina cha 400 au 450. Kina kikipungua hivyo mzigo unashuka sana, nami singebisha. Kwa 840 nabisha.

KijanaWaSaiti
Injinia, umegusa nondo. Ramani inaonyesha nondo ya 10 kila 200 umbo la U, laini moja tu. Fundi mkuu anataka kuiweka upande wa ndani wa mtaro, anasema "ndiko maji yanapopiga". Mimi nilifikiri katikati.

Nondo Kumi
Upande wa nje, wa udongo. Mzuie leo hii.

Chukua kadi ya plastiki, isimamishe mezani, shika chini, sukuma juu kwa kidole. Upande unaosukumwa ndio unaovutika, ule mwingine unabanwa. Udongo unasukuma kutoka nje kuingia ndani, kwa hiyo mvuto uko upande wa udongo na nondo inatakiwa ikae huko. Ikikaa upande wa ndani iko kwenye zege inayobanwa, haina kazi. Ukiiweka katikati inafanya kazi nusu nusu.

Vilevile kwenye kitako: U inashuka upande wa nje wa ukuta, inakunja kona chini kabisa ya kitako, inapita chini, inapanda upande wa pili. Yaani inaukumbatia mtaro kwa nje, ikiacha 50 za zege pande zote. Weka biskuti za zege za 50, si vipande vya mbao wala kokoto.

Kukata: kwa kina cha wastani 0.72, mguu mmoja ni 0.72 + 0.15 toa 0.10, yaani 0.77. Miguu miwili 1.54, chini 0.80, jumla 2.34. Ukiweka kila 200 unahitaji U 5 kwa mita, yaani mita 11.7. Nondo moja ya mita 12 inatoa mita moja ya mtaro karibu bila mabaki. Lakini usikate zote 2.34! Mwanzoni zinatakiwa 2.10 na mwishoni 2.58. Kwenye nondo moja oanisha za mwanzo na za mwisho ili mabaki yasikuumize. Za kulala zihesabu pembeni.

Tofali Sita
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mitaro mingi ya mtaani ni kitako cha zege na kuta za tofali za inchi 6, tena zamani mawe ya matumbawe. Kwa hesabu yenu, zege ingekuwa ile 0.135 ya kitako pekee, na tofali za 450 kwa 225 kama 15 hivi kwa kila mita ya mtaro, pande zote mbili. Simiti inapungua sana. Mbona msifanye hivyo?

Nondo Kumi
Kwa kina cha 400 au 450 na pasipo magari ukingoni, inafaa na ni rahisi kutengeneza ikiharibika. Udhaifu wake ni kwamba mota kati ya tofali haihimili kuvutwa, na ukuta ule hauna U ya kuufunga na kitako. Unaposukumwa, unafunguka kwenye mstari wa kwanza wa mota juu ya kitako. Maji yanaingia hapo, yanachota mchanga wa nyuma, na bega la barabara linabonyea. Mtaani wanaona shimo barabarani na kulaumu lami.

Tofali Sita
Hilo la mstari wa kwanza ni kweli kabisa. Plasta ndani inabambuka palepale, kama unene wa mkono juu ya kitako.

Mama Vipimo
Turudi kwenye m³, maana kuna zege nyingine inayopotea na haimo kwenye hesabu ya kona wala ya levo.

Kijana, mkandarasi anaweka fomu za nje, au anatumia ukuta wa udongo uliochimbwa kama fomu?

KijanaWaSaiti
Udongo. Anasema umesimama vizuri, ni mfinyanzi.

Mama Vipimo
Basi hutapata 0.351. Jembe halichimbi ukuta wa 150 ulionyooka. Chukua wastani wa mm 30 za ziada kila upande, ambazo kwa jembe ni kidogo. Urefu wa nje wa ukuta ni 0.72 + 0.15 = 0.87. Mara 0.03, mara pande mbili, ni kama 0.052 kwa mita, na kwa mita 120 ni zaidi ya m³ 6. Kona mliyogombania ni 0.045. Yaani udongo unakula kuliko kona.

Chini nako, shimo likichimbwa mm 20 zaidi kwa upana wa 0.96, m³ 2.3 zimekwenda kwa mita 120. Na mara nyingi fundi analijaza kwa zege ya kitako badala ya ile zege nyembamba ya kusawazisha chini, kwa kuwa hakuna aliyepima kabla.

Nani alipe? Mimi husema hivi: malipo ni kwa vipimo vya ramani, 0.351. Akichagua udongo kama fomu, ziada ni yake, kwa sababu ameokoa mbao. Lakini liandikwe kabla ya kuanza. Mkishamwaga hakuna anayeweza kupima upande wa nje, mtabishana kwa mifuko ya saruji iliyoisha.

Mzee Kamba
Na nondo ya nje itagusa udongo, kwa sababu zile biskuti zinazama kwenye mfinyanzi mbichi. Udongo kama fomu, sawa, lakini basi weka karatasi ya nailoni na biskuti pana.

Mama Vipimo
Hapo mzee wangu nakuunga mkono.

Kokoto Mbili
Mifuko sasa. Kwa m³ 42.12 ongeza asilimia 5 ya kumwagika, unapata kama 44.2. Mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, unakula kama mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa m³, yaani mifuko 280. Zege nyembamba ya chini, mm 50 kwa upana 0.96, ni m³ 5.8, na kwa 1:3:6 ni mifuko kama 25. Sanduku la kupimia mchanga na kokoto tengeneza 300 kwa 300 kwa kimo cha 400, ni karibu sawa na mfuko mmoja. Toroli zinadanganya, moja inajazwa kilima, nyingine nusu.

Nondo Kumi
Kwa mtaro wenye nondo, wenye maji na mchanga unaosugua, mimi ningekwenda 1:1.5:3. Ni kama mifuko 8 kwa m³, kwa hiyo karibu 354.

Kokoto Mbili
Mifuko 74 zaidi. Bora uchukue 1:2:4 uisimamie maji. Kwa mfuko mmoja maji lita 25, yaani ndoo ya lita 20 na robo, na mchanga ukiwa na unyevu inapungua. Saiti nyingi ninazoziona wanatia ndoo mbili ili zege "itembee". Hapo saruji hata ukiiongeza imekwisha kuuawa. 1:2:4 yenye lita 25 naipenda kuliko 1:1.5:3 yenye lita 40.

Nondo Kumi
Kwa lita 25 mchanganyiko wa 1:2:4 utakuwa mgumu kushuka kwenye ukuta wa 150 wenye nondo, fundi ataongeza maji ukigeuka. Saruji zaidi ndiyo inayolainisha bila kuongeza ndoo. Ndiyo sababu yangu, si nguvu peke yake.

Kokoto Mbili
Hatutakubaliana. Jaribuni na kipande cha mita 3, mtazame.

Pimamaji
La mshono wa ukuta na kitako, kwa sababu ndilo Tofali Sita kaligusa. Siku ya kumwaga kitako, mwaga pamoja nacho kikuta kifupi cha mm 75 hadi 100 kila upande, palepale nondo zinapopanda. Hakiongezi m³, ni sehemu ya ukuta. Kinafanya mawili: mshono unapanda juu ya kona kule maji ya chini yanakolala, na mbao za ndani zinapata kitu kigumu cha kushikilia. Bila hicho, mbao zinapigiliwa kwa kubahatisha, zege inavuja chini, na ukuta unakuwa na mstari wa kokoto tupu mguuni. Kabla ya kumwaga ukuta, kwangua juu ya kikuta mpaka kokoto zionekane, osha, kisha mwaga.

Halafu kata vijiti vya mbao vya 600 kamili. Vitie mdomoni mwa mtaro kila mita moja na nusu wakati wa kumwaga, na baada ya kufungua fomu virudishe hadi udongo wa nyuma ushindiliwe. Kijiti hicho kitakuwa kipimo chako. Siku ya makabidhiano tembea nacho mita zote 120. Kikigoma kuingia juu lakini chini kinaingia, ukuta umeinama, na ufa uko upande wa udongo usioonekana.

Fundi Matundu
Msisahau vitundu vya kutolea maji ya udongo, bomba la plastiki inchi 2 kila mita 2, karibu na kitako.

Mzee Kamba
Vitundu hivyo ndivyo vinavyomwaga mchanga wa barabara ndani ya mtaro. Kwenye mfinyanzi vinaziba mwaka wa kwanza, kwenye mchanga vinachota. Mimi siviweki.

Fundi Matundu
Vinachota kwa sababu nyuma hamuweki kokoto na kitambaa cha kuchujia. Wakati wa masika maji yakisimama nyuma ya ukuta, sukumo lake halina theluthi, ni zima. Injinia hapo juu kahesabu udongo mkavu.

Nondo Kumi
Ni kweli, nilihesabu udongo mkavu. Ukijaa maji mpaka juu, mzigo wa udongo na maji kwa kina hicho unafika kama mara mbili ya ile 0.59. Ukuta wa 150 wenye nondo upande wa nje bado unaubeba. Wa 100 sitasema.

KijanaWaSaiti
Wakuu, nimerudi kutoka saiti. Mkandarasi amekubali 0.351 na ameandika mwenyewe kwamba ziada ya udongo ni yake. Nondo zimehamishwa upande wa nje kwa mita 18 zilizokuwa zimefungwa. Vigingi vimeandikwa kina. Fundi kavipenda, anasema asilimia zilikuwa zinamsumbua.

Swali moja limebaki. Tumeanza kuchimba kutoka juu, kwenye kina cha 600. Mwisho wa chini mtaro unaingia kwenye karavati ya zamani na leo nimepima: kitako cha karavati kiko sentimita 9 juu kuliko kitako chetu kitakavyofika.

Pimamaji
Simamisheni kuchimba. Mngeanzia huko chini, kwenye karavati, mkapanda nayo.

Maji hayapandi sentimita 9. Ukiziacha, mita 18 za mwisho zitakuwa bwawa la tope, kwa sababu 9 ukigawa kwa nusu sentimita ya kila mita ni 18. Ukiinua mwisho kwa 9, kushuka kwa kitako kunakuwa 0.51 kwa mita 120, mteremko asilimia 0.425. Kina cha mwisho kinakuwa 0.75, wastani 0.675, na zege inashuka hadi 0.3375 kwa mita. Mbele ya karavati huna ruhusa ya kubomoa bila wenye barabara, kwa hiyo hiyo ndiyo njia ya haraka. Mwenye ramani aikubali kwa maandishi kwanza.

Mama Vipimo
Na mkandarasi umrudie, mdogo wangu. 0.351 uliyosaini asubuhi imeshakufa. M³ 40.5 ndiyo mpya.

KijanaWaSaiti
Nampigia sasa hivi. Sijui nianzie wapi.

Bwana Unafuu
Anzia kwenye habari njema, zege imepungua.